Kupima unene wa utando wa mafuta juu ya maji: tone la waya, myeyusho wa alkoholi, au beseni lenye eneo maalumu?

Hesabu yenyewe haina ugumu. Unachukua ujazo wa tone la mafuta, unaugawa kwa eneo la doa ambalo tone hilo limetanda juu ya maji, na jibu ndilo unene wa utando. Kama mafuta yametanda hadi mwisho wa uwezo wake, unene huo ni urefu wa molekuli moja. Kwa rula na beseni la maji unakuwa umepima kitu ambacho hadubini ya shule haiwezi kukuonyesha.

Kazi iko kwenye namba mbili zinazoingia katika hesabu hiyo. Ujazo ni mdogo mno kupimwa kwa silinda, na doa halionekani kwa macho. Kuna njia tatu za kuzipata, na mwalimu au mwanafunzi anayejiandaa kwa jaribio hili hujikuta hajui ashike ipi. Nimeziweka hapa kwa vigezo vilevile, ili kila mtu aone ipi inalingana na vifaa alivyonavyo na jibu analolitaka.

Kwanza tukubaliane jibu linatakiwa liwe la kiasi gani. Benjamin Franklin alimwaga mafuta kwenye bwawa la Clapham Common, London, akaandika katika makala iliyochapishwa mwaka 1774 kwamba mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalituliza maji ya eneo la karibu nusu ekari. Yeye hakugawanya, lakini sisi tunaweza. Nusu ekari ni takriban mita za mraba 2,000. Kijiko kikiwa na sentimita za ujazo 2, unene ni nanomita 1. Kikiwa na 5, ni nanomita 2.5. Milimita moja ukiigawa mara milioni, kila kipande ni nanomita 1. Kwa hiyo jaribio lililofanywa vizuri litakupa jibu kati ya nanomita 1 na 2.5 hivi. Ukipata 20, au 0.1, kuna kitu kimeharibika, na sehemu kubwa ya makala hii inahusu namna ya kukitambua.

## Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni ujazo: unaupataje, na kosa lake ni kubwa kiasi gani. Cha pili ni doa: unalionaje, unalipimaje, na una ushahidi gani kwamba utando umefikia unene wa molekuli moja. Cha tatu ni vifaa, yaani kipi ni lazima ukinunue na kipi kipo jikoni. Cha nne ni mahali panapoharibika, na cha tano ni anayefaidika nayo.

Kuna masharti yanayohusu njia zote, nayasema mara moja. Chombo kiwe kimeoshwa na kusuuzwa mara nyingi kwa maji mengi, kwa sababu sabuni iliyobaki hutanda juu ya maji kabla ya mafuta yako na kuyazuia. Usiguse maji kwa kidole, kwani ngozi ina mafuta. Na mafuta yawe ya aina inayotanda: mafuta ya zeituni, mafuta mengine ya mimea, au asidi oleiki. Molekuli za aina hizi zina sehemu inayopenda maji na mkia usioyapenda. Mafuta ya taa na mafuta ya madini yaliyosafishwa hayana sehemu hiyo, hivyo hayatandi hadi molekuli moja. Hubaki kama vijitone bapa juu ya maji, hata ungesubiri mchana kutwa.

## Njia ya kwanza: tone linaloning'inia kwenye waya

Hii ndiyo njia ya vitabu vya fizikia vya Kidato cha Pili nchini Kenya, katika mada ya upimaji. Unakunja waya mwembamba kuwa umbo la V, unachovya ncha yake kwenye mafuta, unaondoa yaliyozidi kwa waya wa pili hadi libaki tone dogo kwenye kona ya V, kisha unapima kipenyo cha tone hilo kwa lenzi ya mkono na rula yenye alama za nusu milimita. Trei ya maji imeshanyunyiziwa poda ya likopodiamu. Unagusisha tone kwenye maji katikati ya trei, mafuta yanatanda na kuisukuma poda pembeni, na linabaki duara safi ambalo unalipima kwa rula.

Ujazo. Unalichukulia tone kuwa tufe. Kipenyo cha tone kikiwa d na kipenyo cha doa D, hesabu yote inafupishwa hivi:

```
h = 2 × d³ / (3 × D²)
```

Tuchukue tone la milimita 0.5 lililofanya doa la milimita 200. Juu ni 2 × 0.125, yaani 0.25. Chini ni 3 × 40,000, yaani 120,000. Ukigawa unapata milimita 0.0000021, au nanomita 2.1. Jibu zuri.

Lakini tazama ile d³. Rula ya nusu milimita, hata ukiwa na lenzi, haikuhakikishii zaidi ya milimita 0.1 hapa au pale. Tone ulilosoma 0.5 huenda ni 0.4 au 0.6. Weka 0.4 kwenye hesabu ileile, unapata nanomita 1.1. Weka 0.6, unapata 3.6. Kosa ambalo jicho haliwezi kuliona limeongeza jibu zaidi ya mara tatu kutoka chini hadi juu. Ndiyo sababu wanafunzi wa darasa moja, wenye trei zinazofanana na mafuta ya chupa moja, huleta majibu yaliyoachana sana bila yeyote kati yao kuzembea.

Dawa yake ipo, na napendekeza kila anayetumia njia hii aifuate. Pima unene wa waya kwa mikromita skrubu kabla hujaukunja, kisha piga picha ya tone kwa simu kupitia lenzi ya mkono, waya na tone vikiwa katika picha moja. Tuseme waya ni milimita 0.20. Kuza picha kwenye skrini hadi waya uonekane na upana wa milimita 8, halafu pima tone pale pale. Likiwa na upana wa milimita 20, kipenyo chake halisi ni 0.20 × 20 ÷ 8, yaani milimita 0.50. Sasa kosa la milimita 1 katika kupima tone kwenye skrini ni asilimia 5 ya kipenyo, na ujazo unakosewa kwa asilimia 15 hivi. Hiyo ni tofauti kubwa na rula. Waya na tone viwe umbali uleule kutoka kwenye lenzi, la sivyo kimojawapo kitakuzwa zaidi ya kingine.

Kuna jambo moja ambalo picha haiondoi. Tone lililoshikwa na waya si tufe kamili. Limevutwa kwa chini, na waya umepita ndani yake. Pima upana na urefu wake, tumia wastani, na ukubali kwamba asilimia kadhaa zimebaki ndani ya hesabu.

Doa. Ni la kupendeza kulitazama, kwa sababu linafunguka ghafla na mara nyingi huwa duara la kuridhisha. Pima vipenyo vitatu au vinne vya pande tofauti, uchukue wastani. Kosa hapa ni dogo ukilinganisha na la tone: kipenyo cha doa kikikosewa kwa asilimia 5, unene unakosewa kwa asilimia 10 tu.

Je, una ushahidi kwamba ni molekuli moja? Hapa njia hii ni dhaifu. Tone likiwa kubwa kuliko uwezo wa trei, utando hufika ukingoni na mafuta yanayobaki hukaa katikati kama vijitone. Inama utazame uso wa maji kwa pembeni, dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona vijitone vinang'aa, ugawanyo wako hauna maana. Ukiona rangi za upinde wa mvua, kama zile za petroli kwenye dimbwi la barabarani, utando una unene wa mamia ya nanomita. Utando wa molekuli moja hauna rangi wala hauonekani, na ndiyo maana tunahitaji poda.

Vifaa. Waya, rula, lenzi, trei ya kipenyo kisichopungua sentimita 30, mafuta ya zeituni au ya alizeti, na poda. Poda ya likopodiamu ni spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi, za mmea ulio karibu na jamii ya kangaga, na hupatikana kwa wauza vifaa vya maabara. Isipokuwepo, jaribu poda laini ya talki isiyo na manukato. Ijaribu kwanza kwenye maji matupu: inyunyize, kisha puliza taratibu. Chembe zikiteleza kwa urahisi inafaa. Ikijikusanya yenyewe au kukimbilia kingo bila kuguswa, ina kitu cha ziada ndani yake.

Mahali panapoharibika. Ukiacha kipenyo cha tone, kosa la kawaida zaidi ni poda nyingi. Poda ikiwa nzito hugeuka gamba, na mafuta hayana nguvu ya kulisukuma. Doa linakuwa dogo, kingo zake zina nyufa na pembe, na unene unatoka mkubwa kuliko kweli. Inatakiwa poda kidogo kiasi kwamba bado unaona maji kati ya chembe. Kosa la pili ni mafuta yanayobaki kwenye waya baada ya kugusa maji. Jaribu kugusisha waya huohuo kwenye trei nyingine safi yenye poda. Likifunguka doa jipya, si tone lote lililoshuka mara ya kwanza, na jibu lako limezidi.

Anayefaidika nayo. Mwenye mafuta ya jikoni tu. Mwenye kipindi kimoja cha darasa. Anayetaka wanafunzi waone kwa macho yao jinsi kosa dogo la kipenyo linavyokuwa kubwa kwenye ujazo, maana hakuna mahali pengine katika fizikia ya shule ambapo jambo hilo linaonekana waziwazi namna hii.

## Njia ya pili: myeyusho wa asidi oleiki

Badala ya kupima tone dogo, unapima kiasi kikubwa cha mafuta kwa usahihi, halafu unakizimua kwa alkoholi hadi tone la kawaida la bureti liwe na mafuta kidogo mno. Alkoholi ikigusa maji, sehemu yake huyeyuka na sehemu hupaa hewani. Mafuta yanabaki juu.

Ujazo. Mfano kwa hatua zake: chukua sentimita ya ujazo 1 ya asidi oleiki kwa pipeti, ongeza ethanoli hadi jumla iwe sentimita za ujazo 20. Tikisa. Chukua sentimita ya ujazo 1 ya mchanganyiko huo, ongeza ethanoli tena hadi 20. Sasa katika kila sehemu 400 za myeyusho, sehemu 1 ni mafuta. Jaza bureti au sindano ya hospitali yenye alama, na uhesabu ni matone mangapi yanafanya sentimita ya ujazo 1. Tuseme ni 50. Tone moja ni sentimita za ujazo 0.02, na mafuta yaliyomo ni 0.02 ÷ 400, yaani sentimita za ujazo 0.00005.

Hapa hakuna namba iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Ukikosea tone moja katika 50, umekosea asilimia 2. Pipeti ikikosea asilimia 2 katika kila uzimuaji, jumla ya makosa bado haifiki asilimia 10. Kwa upande wa ujazo, njia hii imeiacha mbali ile ya kwanza.

Usikopi namba ya matone kutoka kwenye kitabu. Tone la ethanoli ni dogo kuliko tone la maji kutoka kwenye mdomo uleule, kwa sababu mvutano wa uso wa ethanoli ni mdogo. Hesabu kwa kifaa chako, kwa myeyusho wako, siku ileile.

Doa. Tone likianguka, poda inakimbia mbali, kisha doa linarudi nyuma kidogo alkoholi inapoondoka, ndipo linatulia. Subiri litulie ndipo upime. Mara nyingi kingo zake hazina umbo la duara, zina vidole na mabonde. Weka kipande cha kioo au plastiki angavu juu ya trei, chora mpaka wa doa kwa kalamu, kisha kiweke juu ya karatasi ya grafu na uhesabu miraba. Tuseme umepata sentimita za mraba 360. Gawa 0.00005 kwa 360, unapata sentimita 0.00000014, ambazo ni nanomita 1.4.

Faida kubwa ya njia hii kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba inakuruhusu kuuliza utando wenyewe kama ni wa molekuli moja. Dondosha tone la pili katikati ya doa lilelile. Mafuta yameongezeka mara mbili, na kama unene hauwezi kupungua zaidi, eneo nalo liongezeke karibu mara mbili. Dondosha la tatu. Ukipata unene uleule kwa tone moja, mawili na matatu, una ushahidi wa kweli. Unene ukizidi kupanda kila tone, ama poda inazuia au utando umeshagusa ukingo wa trei.

Jaribio la pili la lazima ni tone la ethanoli tupu kwenye trei nyingine yenye poda. Doa litafunguka, kisha litajifunga tena karibu kabisa. Lisipojifunga, ethanoli yako ina uchafu unaotanda, na sehemu ya doa ulilopima si ya asidi oleiki.

Vifaa. Hapa ndipo wengi wanakwama. Asidi oleiki na ethanoli safi lazima zitoke maabara. Mafuta ya alizeti au ya zeituni hayawezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu hayayeyuki vizuri katika ethanoli. Utaona myeyusho una ukungu au matone chini ya chupa, na hapo kila tone la bureti lina kiasi chake cha mafuta. Spiriti ya dukani ina rangi na viambato vingine, kwa hiyo ni lazima ipite jaribio la tone tupu kabla hujaiamini. Wala usifikirie kutumia petroli kama kiyeyusho darasani. Hata ethanoli iwe mbali na moto wowote.

Mahali panapoharibika. Chupa iliyoachwa wazi. Ethanoli hupaa, mafuta hayapai, na myeyusho wa wiki iliyopita una mafuta mengi kuliko lebo inavyosema. Doa linakuwa kubwa, wewe unaendelea kutumia 1/400, na unene unatoka mdogo kuliko kweli. Ukiona majibu yanashuka wiki hadi wiki, anza kutafuta hapo.

Anayefaidika nayo. Mwenye maabara yenye pipeti na bureti, na anayehitaji namba ya kutetea: kwa ripoti, kwa maonyesho ya sayansi, au kwa kulinganisha na urefu unaojulikana wa molekuli. Molekuli ya asidi oleiki ikinyooshwa ni kama nanomita 2, lakini ina kona katikati ya mkia wake na haisimami wima kabisa, hivyo 1.4 si jibu la kushangaza.

## Njia ya tatu: beseni lenye eneo maalumu

Njia mbili za kwanza huacha mafuta yatafute eneo lake. Hii inageuza swali: eneo umelijua tangu mwanzo, na unatafuta ni mafuta kiasi gani yanatosha kulifunika. Hivyo ndivyo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alivyofanya mwaka 1890. Alitumia beseni kubwa la kuogea lenye upana wa sentimita 84, na badala ya poda akatumia vipande vya kafuri. Kafuri juu ya maji safi hucheza na kuzunguka bila kukoma. Utando wa mafuta ukikamilika vya kutosha, hutulia. Rayleigh alipima mafuta ya zeituni kwa mizani, akaona yanatosha kama miligramu 0.8, na unene ukatoka karibu nanomita 1.6.

Agnes Pockels, aliyefanya utafiti wake nyumbani huko Braunschweig, Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Alitengeneza chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70 na upana wa 5, akakijaza maji hadi ukingoni, na kuweka ukanda wa bati juu yake unaogusa maji. Kwa kuusogeza ukanda huo, aliweza kupanua au kubana eneo la utando bila kuongeza wala kupunguza mafuta, huku akipima mvutano wa uso wa maji. Barua yake kwa Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891.

Ujazo. Kwa mizani, kama Rayleigh, utahitaji mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu au chini ya hapo. Unapima waya wenye mafuta, unagusisha, unapima tena. Bila mizani hiyo, tumia myeyusho wa njia ya pili. Beseni la kipenyo cha sentimita 40 lina eneo la sentimita za mraba 1,257 na kwa unene wa nanomita 1.6 linataka matone manne tu ya myeyusho wa 1/400. Hayo ni machache mno, maana huwezi kujua kama ilitakiwa 3.6 au 4.4. Zimua mara nne zaidi, hadi 1/1600, na utahesabu kama 16. Ngoja kidogo baada ya kila tone ili alkoholi iondoke, ndipo utazame kafuri.

Doa. Hakuna doa la kupima. Eneo ni la beseni lenyewe, na hili linakuondolea shida ya kingo zenye vidole. Swali linahamia kwenye alama unayoitumia kusema “sasa imetosha.” Kafuri hutulia wakati utando umeshabanwa kiasi, si mara tu molekuli zinapoanza kugusana. Rayleigh mwenyewe alirudi kwenye suala hili mwaka 1899 akatumia hatua ile mvutano wa uso unapoanza tu kushuka, na safari hii akapata karibu nanomita 1.0. Majibu yote mawili ni sahihi kwa alama zake, na anayeripoti aseme alitumia ipi.

Vifaa na mahali panapoharibika. Kafuri iwe ya kweli. Vidonge vyeupe vya kuwekwa kabatini mara nyingi si kafuri, na havitacheza juu ya maji. Kabla ya kuanza, vipande vicheze kwa nguvu kwenye beseni lako. Vikizubaa, maji yana mafuta tayari. Sugua uso wa maji kwa ukanda wa karatasi safi kutoka upande mmoja hadi mwingine, utupe karatasi, ujaribu tena. Usafi unaotakiwa hapa ni mkali kuliko kwenye njia nyingine, kwa sababu beseni lote ndilo kipimo chako.

Anayefaidika nayo. Mwanafunzi wa sekondari ya juu au wa chuo, klabu ya sayansi yenye mchana mzima, na yeyote anayetaka kuelewa kwamba utando una hali yake: unaweza kulegea, kubanwa, na kukaza. Kwa darasa la watu hamsini na dakika arobaini, sikushauri.

## Jibu linamaanisha nini, kwa njia yoyote

Njia zote tatu zinachukulia kwamba utando ni bapa lenye unene sawa kila mahali, na kwamba molekuli zimepangana bila nafasi kati yake. Utando usipomalizika kutanda, unene unatoka mkubwa. Molekuli zikiachana, unatoka mdogo. Na unachopima ni kimo cha molekuli ilivyosimama juu ya maji, si upana wake. Mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir alionyesha hilo mwaka 1917: asidi za mafuta zenye mikia ya urefu tofauti zilichukua karibu eneo lilelile kwa kila molekuli. Kwa hiyo mkia mrefu haulali juu ya maji, umesimama, na ni unene wa utando unaoongezeka. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932 kwa kazi yake kuhusu nyuso za vitu.

## Uchague ipi, kulingana na hali yako

Una mafuta ya kupikia, trei na simu: tone la waya, kwa njia ya picha. Andika jibu kwa namba moja tu muhimu, yaani “karibu nanomita 2,” na uonyeshe jibu lingekuwa ngapi tone lingekuwa kubwa au dogo kwa milimita 0.1.

Unajiandaa kwa mtihani unaotumia tone la waya: fanya hiyohiyo hata kama maabara yako ina asidi oleiki, kwa sababu maswali hufuata hatua zake, hasa dhana ya tufe na ya duara kamili na kazi ya poda.

Una asidi oleiki, pipeti na saa mbili: myeyusho. Usiache jaribio la ethanoli tupu wala lile la tone la pili na la tatu. Muda ukiwa mfupi, punguza marudio ya doa la kwanza, lakini haya mawili yabaki.

Una darasa kubwa na maabara ndogo: tengeneza myeyusho mmoja wewe mwenyewe asubuhi, ufunike chupa vizuri, na upe kila kundi trei na sindano yake. Kila kundi lihesabu matone ya sindano yake. Kusanya majibu yote ya unene ubaoni, na tofauti kati ya makundi itawaonyesha ukubwa wa kosa la kuhesabu matone na kupima doa, kwa kuwa myeyusho ni uleule.

Una mizani nzuri lakini huna asidi oleiki: beseni na kafuri, kwa mafuta ya zeituni, kama Rayleigh. Beseni liwe pana kadiri unavyoweza kupata, maana kadiri eneo linavyoongezeka ndivyo miligramu zinavyokuwa rahisi kupimwa.

Una nia ya kuona utando ukibanwa na kuachiwa: tengeneza chombo cha Pockels kwa trei ndefu ya bati na kanda mbili za bati. Anza na tone moja la myeyusho upande mmoja wa ukanda na poda kidogo upande wa pili, kisha usogeze ukanda polepole uone ni wapi poda ya ng'ambo inaanza kusukumwa na mafuta yanayovuja chini yake. Ukiliona hilo, ukanda wako haugusi maji sawasawa, na unyooshe kabla ya kuanza kuandika vipimo.